Semina ya wahitimu saa tatu nzima, "ada ya mafunzo" haikutajwa hata mara moja!

Wakuu, nina hasira hapa nilipo.

Kabla ya mahafali chuo kilituita ukumbini. Mtoa mada akamaliza saa tatu akitufundisha kufunga tai na kumtazama msaili usoni. Kuhusu matapeli alisema "muwe makini", akanywa maji, akaendelea.

Wiki mbili baadaye meseji ikaingia: "Hongera, umechaguliwa kwenye usaili. Fika saa 2 asubuhi, vaa kiofisi, njoo na vyeti halisi." Nafasi haikutajwa. Nilishatuma maombi sehemu kama arobaini bila kuandika popote nimeomba wapi, nikajua ni mojawapo. Nikapanda daladala hadi Kariakoo. Ghorofa ya tatu, viti vya plastiki, watu kama sitini. Usaili ulikuwa dakika nne: unakaa wapi, nani anakusomesha, ndugu zako wanafanya kazi gani. Kumbe wananipima nani atanilipia!

Jioni nimepita, ila kwanza nilipie 85,000 ya mafunzo. Mama akakopa kwenye kikoba. Siku ya tatu ndiyo tunaambiwa mshahara ni kamisheni: uza virutubisho, lete wenzako wawili. Cheti walibaki nacho, nimekaa mlangoni siku nzima ndipo wakanipa.

Mzee wa Tabata: Pole. Ungeingia BRELA ukatafuta jina la kampuni, ungewajua mapema.

Dada Rasilimaliwatu: Kaka, hao mara nyingi wamesajiliwa vizuri tu. BRELA inakwambia kampuni ipo, haikwambii kazi ipo. Mimi huita watu kwenye usaili kila mwezi: nataja nafasi, na cheti halisi nakitazama kisha namrudishia mwenyewe palepale. Mdogo wangu, kanuni za mawakala binafsi wa ajira za mwaka 2014 zinakataza kumtoza mtafuta kazi. Ndiyo maana hawaandiki "ada ya ajira". Risiti yako imeandikwaje?

Mleta uzi: "Mafunzo ya ujasiriamali." Nimeiona leo vizuri.

Dada Rasilimaliwatu: Basi. Watasema ulinunua mafunzo na ukayapata. Ile meseji ya "umechaguliwa kwenye usaili" usiifute, ndiyo inayoonyesha walikuita kwa kazi.

Mwanakwetu: Samahani, mimi kwenye Ajira Portal namba yangu ya NIDA inakataa, nifanyeje?

Mzee wa Tabata: Fungua uzi wako bwana.

Chuma cha Pua: Mimi nililipa elfu hamsini 2019 na kazi nikapata, ya kweli. Msiwaite wote matapeli.

Dada Rasilimaliwatu: Uliyemlipa alikuwa mwajiri au dalali?

Chuma cha Pua: Dalali. Alinikatia na mshahara wa kwanza.

Mleta uzi: Kesho naenda polisi na risiti na meseji. Na chuoni nitapita pia, mwaka huu semina nyingine ipo na mtoa mada ni yuleyule.