Tupeane uzoefu: waajiri hewa mtandaoni. Mimi jina langu ndilo lililotumika

Mtu wa Kurasini:

Wakuu, habari za jioni. Nipo idara ya rasilimali watu kwenye kampuni ya mizigo hapa Dar, jina lake nalihifadhi. Nyuzi nyingi humu ni za waliotapeliwa. Mimi naleta upande wa aliyeigwa.

Mlinzi alinipigia kwamba kuna kijana getini ana barua ya kuitwa usaili, na ameulizia jina langu. Barua ina nembo yetu na sahihi inayofanana na yangu. Ina mpaka mshahara, kitu ambacho hatuandiki kwenye barua ya usaili. Alishalipa 45,000 za "vipimo vya afya". Wiki hiyo hiyo wakaja na wengine.

Nilimkalisha, tukapitia simu yake kuanzia ujumbe wa kwanza. Alipata ombi la urafiki LinkedIn kutoka akaunti yenye picha yangu, cheo changu na historia yangu ya kazi neno kwa neno. Alikubali kwa sababu aliona kuna watu tunaofahamiana wote wawili, akiwemo mwalimu wake wa chuo. Hapo ndipo penye ujanja wenyewe. Tapeli hakuanza na watafuta kazi, alianza na watu wangu. Aliwaandikia kwamba akaunti yangu ya zamani imepotea, wanikubali kwenye mpya, na wengi walikubali bila kunipigia. Akishawapata hao, mtafuta kazi anapotazama anaona nyuso anazoziamini, kumbe nao wamedanganywa.

Baada ya salamu mazungumzo yakahamia WhatsApp, barua ikatoka kwenye anwani yenye jina la kampuni yetu. Ya kwetu inaishia .co.tz. Ile imeongezewa "-careers" halafu .com. Kijana aliona jina la kampuni akaridhika. Wakati wa kulipa, jina lililotokea kabla hajaweka namba ya siri lilikuwa la mtu binafsi. Alipouliza akaambiwa ni mhasibu wetu.

Wenye visa vyenu leteni, hasa mlivyogundua.

Fundi Mitambo:

Mkuu, hiyo akaunti ingeumbuka mapema. Ukiwa kwenye ukurasa wa mtu LinkedIn, bonyeza More, kisha About this profile. Utaona mwezi na mwaka aliojiunga, na picha ilibadilishwa lini. Mtu anayejieleza kuwa meneja wa miaka kumi, mwenye marafiki kibao, halafu kajiunga mwezi uliopita, huyo muulize maswali. Akaunti ya zamani nayo isikupe usingizi, maana zinaibwa na kuuzwa.

Anwani ya baruapepe isome kuanzia mkiani. Mwenye nyumba ni lile neno lililogusana na .com au .co.tz. Jina la kampuni likikaa mbele kabisa, kabla ya nukta nyingine, halina maana yoyote, hata mimi naweza kuliweka. Na kwa zinazoishia .com, ingia lookup.icann.org uandike lile neno pamoja na .com yake, bila @ na vilivyo mbele yake, utazame Created. Kampuni ina malori barabarani tangu zamani, anwani ina wiki tatu? Hapana.

Mzee wa Ubungo:

Mnazunguka sana vijana. Dawa ni moja: akitumia Gmail ni tapeli, akiwa na tiki ni wa kweli. Basi.

Fundi Mitambo:

Mzee wangu, shikamoo. Kariakoo kuna wenye maduka makubwa wanaajiri kwa Gmail na mshahara unatoka. Na tiki ya LinkedIn inaweza kumaanisha tu kwamba mtu alionyesha kitambulisho chake. Haisemi kama kampuni imemtuma kuajiri.

Mzee wa Ubungo:

Marahaba. Kwenye tiki nimekuelewa. Gmail bado siiamini.

Bint Temeke:

Mimi hawakutaka hela. Walitaka wasifu wangu "haraka, meneja anasubiri", wenye namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, sahihi na wadhamini watatu. Nikatuma. Kesho yake wakasema nimepangiwa usaili wa simu, nitapokea namba sita za kuthibitisha nafasi yangu, niwasomee. Nilivyozisoma tu, WhatsApp ikanitoa. Jioni shangazi na mdhamini wangu mmoja wanaombwa hela kwa jina langu, nimelazwa eti. Shangazi alituma.

Kaka yangu aliingiza upya namba yangu kwenye WhatsApp, zikaja namba sita nyingine, tukaziweka, yule mtu akatoka. Tulikuwa na bahati hakuwa ameweka PIN ya hatua mbili. Angeiweka, ningesubiri siku saba kuingia.

Chuo Kimeisha:

Samahani wakuu, hiyo nafasi ya Kurasini bado ipo? Nina shahada ya ugavi. Nitume wapi?

Mtu wa Kurasini:

Mdogo wangu, soma uzi kwanza. Nafasi haikuwahi kuwepo.

@Bint Temeke pole sana dada. Hapo kwenye NIDA naomba nisisitize kama mtu wa ajira. Ninapochuja maombi siihitaji. Naihitaji nikishakuajiri, kwa ajili ya mkataba na mifuko. Na zile tarakimu nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo ukiitoa umetoa viwili. Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika waifute.

Dereva Tandika:

Dada yangu alipelekwa kwa wakala wa kazi za Omani, ofisi ipo kabisa, kiti cha kuzunguka, feni, risiti. Laki tatu. Sio mtandao lakini naona ni ndugu mmoja na hawa.

Fundi Mitambo:

Ni ndugu kabisa. Wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe na leseni, na kanuni za 2014 zinamkataza kumtoza mtafuta kazi. Gharama ni za mwajiri. Ulizia ofisi ya kazi ya serikali kama wanamtambua kabla hujapanda daladala.

Bint Temeke:

Mtu wa Kurasini, akaunti iliyokuiga ilifutwa?

Mtu wa Kurasini:

Ilifutwa baada ya wenzangu wengi kuiripoti kupitia Report / Block, tukichagua kwamba anajifanya mtu mwingine. Ripoti yangu peke yangu ilikaa kimya. Baadaye ikaibuka nyingine yenye picha ya mwenzangu wa fedha. Kituoni nilipewa RB, lakini niliambiwa suala la hela wafungue waliolipa wenyewe, na wengi waliona 45,000 haitoshi nauli za kufuatilia. Namba iliyowatumia SMS tuliiripoti 15040.

Nilichobadilisha upande wangu: kwenye Visibility nimefunga orodha ya marafiki zangu isionekane. Nahisi aliingia kwanza kwa akaunti nyingine, nikamkubali, akasoma orodha nzima. Haifungi kila kitu, tunaowafahamu wote bado wanaonekana. Na kwenye ukurasa nimeandika kwamba hatuombi malipo, pamoja na namba ya mezani ya kampuni.

Mzee wa Ubungo:

Namba ya mezani nayo uitoe kwenye tovuti ya kampuni wewe mwenyewe. Ukipiga ile iliyo kwenye barua unampigia tapeli.

Bint Temeke:

Wadhamini je? Niwaondoe kwenye wasifu? Mdhamini wangu bado kanuna.

Mtu wa Kurasini:

Mimi sina shida na "wadhamini watatolewa wakihitajika". Mwenzangu tunayekaa naye ofisi moja akiona hivyo anaweka pembeni.

Dereva Tandika:

Kwa hiyo amsikilize nani sasa?