Siku 11 za meseji kuhusu ATM ya maziwa: nizifupisheje zibaki kurasa mbili za tulichokubaliana?

Tegemeo254
Wadau, habari za jioni. Tuko watatu, tunataka kufungua ATM ya maziwa hapa Nairobi. Tumejadiliana kwenye grupu la WhatsApp siku 11, meseji karibu 900. Kuna mwenzetu wa nne anayetaka kuingia na mtaji, ila ameomba asome mpango wenyewe, si mazungumzo. Kazi ya kuuandika nimepewa mimi. Nilichoandika kimefika kurasa sita, "kwanza tulifikiria Umoja, baadaye Kayole", na alipomaliza kusoma akaniuliza, "Sasa mmeamua wapi?" Tena kuna namba haziingiani. Nitajuaje kipi kimekufa na kipi bado kiko hai?

Juma_wa_Buruburu
Hiyo ni rahisi, kaka. Anza na meseji ya mwisho ukirudi nyuma. Jambo lolote, pale unapolikuta mara ya kwanza ukitoka chini, hapo ndipo uamuzi ulipo. Ya juu yake yote futa.

MamaSaluni
Sisi tulipoandika mpango wa saluni, benki ilitaka makadirio ya miezi 12 na orodha ya vifaa. Usisahau leseni ya kaunti, na kwa maziwa lazima mpite Kenya Dairy Board.

Tegemeo254
Asante mama, leseni zimo. Ila hatuombi mkopo, shida yangu ni kuchambua mazungumzo.

KaraniMstaafu
Juma ana nusu ya jambo. Kusoma kutoka chini kunakupa kilichosemwa mwisho, nacho mara nyingi si kilichokubaliwa. Mtu akiandika siku ya 10, "vipi tukiuza na mandazi?", na asijibiwe na yeyote, ukitoka chini utakuta mandazi yamo kwenye mpango. Halafu yako mambo yaliyoamuliwa siku ya pili na hayakuguswa tena, kama mgao wa hisa au nani anashika pesa. Hayo yako hai kabisa, lakini anayetoka chini huchoka kabla hajayafikia.

Soma kutoka juu, ukiwa na karatasi yenye safu tano: jambo, uamuzi, siku na saa, nani walikubali, na uamuzi huo unategemea nini. Kila jambo lina mstari mmoja tu. Uamuzi ukibadilika, kata wa zamani kwa kalamu uandike mpya kwenye mstari uleule. Mkimaliza, safu ya pili ndiyo mpango wenu.

Safu ya tano usiiruke. Hizo namba zako zisizoingiana nina hakika zinatoka hapo. Hebu tuwekee hesabu ya lita mnazohitaji kuuza ili msipate hasara.

Tegemeo254
Siku ya tatu tulikuwa Umoja: kodi 25,000, mhudumu 15,000, stima 8,000. Jumla 48,000 kwa mwezi. Tunanunua lita kwa 60, tunauza 75. Tukapata lita 107 kwa siku. Siku ya tano tukahamia Kayole na mashine ndogo ya lita 200: kodi 15,000, mhudumu 15,000 ileile, stima 6,000. Siku ya nane tukashusha bei hadi 70 kwa sababu jirani anauza hivyo. Kwenye andiko langu nimeandika lita 107.

KaraniMstaafu
Basi hiyo 107 ni mtoto wa Umoja. Umoja mmeizika, mtoto mkamwacha ndani ya nyumba.

Fuata safu ya tano. Lita za kuuza zinategemea gharama za mwezi na faida ya kila lita. Gharama za Kayole ni 36,000. Kwa bei ya 75 faida ilikuwa 15, kwa hiyo lita 2,400 kwa mwezi, yaani 80 kwa siku. Lakini bei imeshuka hadi 70, faida imebaki 10. Gawanya tena: lita 3,600 kwa mwezi, ni 120 kwa siku. Namba ya kuandika ni 120.

Tazama kilichotokea: kuhamia Kayole kulishusha lita, kushusha bei kukazipandisha kuliko hata kule Umoja. Hakuna aliyeandika 120 kwenye grupu, kwa hiyo hungeipata kwa kutafuta. Ndiyo maana kila ukikata mstari, shuka na safu ya tano uone ni mistari gani mingine inautegemea, kisha uifanyie hesabu upya. Na 120 ikubaliwe na wote watatu kabla ya mgeni kuiona, kwa sababu huenda waliikubali bei ya 70 wakidhani lita za kuuza bado ni 107.

Dada_wa_Githurai
Mimi naongeza la simu. Ukitoa mazungumzo kwa `More > Export chat > Without media`, unapata faili la maandishi, ni zuri kwa kutafuta neno, lakini lina mapengo matatu. Meseji za sauti zinatokea kama `<Media omitted>`. Alama za dole gumba hazimo kabisa. Na mtu akijibu meseji fulani kwa kuivuta, faili halionyeshi alikuwa anajibu ipi. Kwa hiyo utaona hivi:

```
14/05/2025, 21:07 - Mbia 2: <Media omitted>
14/05/2025, 21:09 - Mbia 3: Sawa, hiyo
```

Hiyo ipi? Huwezi kujua hapo. Chukua siku na saa, rudi kwenye grupu lenyewe, sikiliza sauti na uone "Sawa" imebandikwa wapi.

Juma_wa_Buruburu
Na aliyenyamaza? Kwetu kimya ni kukubali.

KaraniMstaafu
Kwa pesa hapana, Juma. Tiki mbili za bluu zinasema amefungua tu. Penye kimya acha safu ya nne wazi, kisha umuulize mtu huyo swali moja la ndiyo au hapana: "Bei ni 70, umekubali?" Usimuulize "unaonaje", utafungua siku nyingine 11.

Tegemeo254
Nimeelewa. Lakini Umoja haijafa yote. Tulisema mwenye jengo la Kayole akikataa tangi la maji juu ya paa, tutarudi Umoja. Nifute?

KaraniMstaafu
Ameshajibu?

Tegemeo254
Bado, amesema Ijumaa.

KaraniMstaafu
Basi hilo ni sharti, na sharti ni sehemu ya makubaliano. Andika sentensi moja: "Duka litakuwa Kayole, mwenye jengo akikataa tangi, tutakwenda Umoja na hesabu zitafanywa upya." Usiweke namba za Umoja. Akikubali Ijumaa, sharti linaondoka, inabaki "Duka litakuwa Kayole."

Dada_wa_Githurai
Mimi ningeweka ukurasa wa tatu wa yaliyokataliwa na sababu zake. Bila hivyo, mwenzao wa nne ataanza kuuliza "kwa nini si mashine kubwa?" na mjadala urudi mwanzo.

KaraniMstaafu
Sikubaliani, dada. Ukiyaweka humo yatasomwa kama bado yanajadiliwa, na ndiyo yaliyomchanganya mara ya kwanza. Karatasi ya safu tano ibaki kwa Tegemeo, akiulizwa aifungue.

Dada_wa_Githurai
Mgeni analeta pesa, ana haki ya kujua sababu. Angalau ile ya mashine.

Tegemeo254
Hilo nitawaachia wenzangu waamue. Nimejaza safu hadi siku ya sita sasa hivi, na nimekuta nyingine: tulipanga kuagiza lita 300 kila asubuhi, hesabu ya ile mashine kubwa. Mashine tuliyochagua ni ya 200.

KaraniMstaafu
Huyo naye ni mtoto aliyeachwa. Usiandike 200 kwa kubahatisha, waulize wenzako wataagiza ngapi kwa kuanzia. Endelea na siku ya saba.