Tupeane uzoefu: kuhesabu sekunde kati ya mmweko wa radi na ngurumo

Mpanda Vilima: Wakuu, kila wingu zito likianza kumulika, mimi huhesabu tangu mmweko hadi ngurumo, nagawa kwa tatu, napata kilomita. Nani mwingine hufanya hivi? Lini ilikufaa na lini ilikuchanganya? Leteni visa.

Tausi: Mimi nilifundishwa sekunde moja ni kilomita moja. Nikifika tano, basi ni kilomita tano. Na hesabu ikizidi kupungua, mvua huja kweli, kwa hiyo hainidanganyi.

Fundi Sauti: Dada Tausi, kwamba ikipungua inasogea, hapo uko sawa. Umbali ndio unaokuponza. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo tano zako ni kilomita 1.7 tu. Hewa ikiwa ya joto sauti huongeza mwendo kidogo, lakini kwa hesabu ya mdomo hilo halina haja ya kukuumiza kichwa.

Kisa changu: jioni moja niliiweka simu dirishani irekodi video, maana mdomo hukimbia mtu akishtuka. Kuangalia baadaye, mmweko uko kwenye sekunde ya 14 na ngurumo inaanza ya 27. Tofauti 13, yaani kilomita 4.4. Ningeishia hapo, ila ile ngurumo iliendelea kuvuma hadi sekunde ya 45. Mmweko ule ulikuwa mara moja tu, sasa sauti ya sekunde 18 nzima imetoka wapi? Njia ya radi ni ndefu, na kila kipande chake kinatuma sauti yake. Kilicho karibu husikika kwanza, cha mbali kinafuata. Hizo 18 ni kilomita 6 za ziada, ukipunguza kiasi kwa mwangwi wa vilima. Kwa hiyo 4.4 ilikuwa kipande cha karibu tu, si mahali wingu lilipo.

Kocha: Hapo umenifungua. Siku moja uwanjani nilihesabu 18, nikasema kilomita sita, bado tuna nafasi. Msaidizi wangu akaniambia, "Tazama juu." Wingu lilikuwa limeshatufunika, na mmweko uliofuata ulikuwa utosini kabisa.

Fundi Sauti: Na kilomita sita ilikuwa sahihi, Kocha, ila ilikuwa kwenda juu! Radi nyingi hazishuki, hupigana ndani ya wingu huko juu. Hesabu haikwambii upande. Ndiyo maana kanuni iliyozoeleka viwanjani ni kwamba ikiwa chini ya 30, mchezo usimame, halafu msubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Sekunde 30 ni kilomita 10, na radi inaweza kuruka umbali huo ikitoka kwenye wingu hadi penye anga jeupe.

Kocha: Siku hizi sihesabu hata hizo 30. Nikisikia ngurumo, natoa watoto. Wazazi wakinuna, wanune.

Mama Pacha: Samahani, mbona televisheni yangu iliungua na nilikuwa nimehesabu zaidi ya ishirini? Nilijua ipo mbali, sikuchomoa.

Mpanda Vilima: Mama Pacha, hapa tunaongelea umbali, si vyombo.

Fundi Sauti: Mwache, swali lake limo. Mama, ulipima umbali wa radi hadi masikioni mwako. Nyaya za umeme zinapita kwingine, na radi ikipiga karibu na waya huko, msukumo wake unakuja nao hadi ukutani kwako. Chomoa mapema, kabla hata ya kuanza kuhesabu.

Baharia: Kwetu majini shida ni nyingine. Mimweko hufuatana hata kabla ngurumo ya kwanza haijafika, sasa ipi ni ya ipi? Unaweza kudhani ni sekunde nne kumbe ni ya mmweko wa nyuma, ulio mbali zaidi.

Mpanda Vilima: Mimi husubiri ule mkali kuliko yote, nahesabu huo tu.

Fundi Sauti: Mkali si lazima uwe wa karibu, mkuu. Afadhali usubiri anga litulie kidogo, upate mmoja uliosimama peke yake. Ikishindikana, chukua hesabu ndogo kuliko zote kama ndiyo kweli, kwa usalama.

Baharia: Na ile isiyo na ngurumo kabisa? Usiku upeo wote unamulika, kimya.

Fundi Sauti: Mara nyingi iko mbali kupita kilomita 15 au 20. Hewa ya juu ikiwa baridi kuliko ya chini, sauti hupinda kwenda juu na kukupita kichwani.

Baharia: Kwa mbali nakubali. Lakini nimewahi kuona wingu limesimama karibu, linamulika ndani kwa ndani, upepo ukitokea upande wangu kwenda kwake, na sikusikia kitu. Je, upepo unaweza kula ngurumo yote?

Tausi: Hata mimi nimeona hivyo. Fundi, tujibu.