Msaada: watu wawili wanachapa ukurasa mmoja, ulinganisho unaleta nyekundu tupu

Mtunza Daftari: Wakuu habari za jioni, niko Moshi. Nina kurasa 412 za vikao vya chama cha ushirika cha kahawa, zilipigwa taipureta zamani, wino umefifia. Vijana wawili wanachapa ukurasa uleule kila mtu kivyake, alafu kompyuta inanionyesha walipotofautiana, mi naamua kwa kuangalia picha. Ukurasa wa 12 umeleta tofauti 140! Nimechanganyikiwa, kazi inatakiwa mwezi ujao.

Kibo Mawingu: Mmoja hapo mzembe, mtoe. Anayebaki achape, mwingine apitie tu.

Fundi Mistari: Hapana mangi, anayepitia kazi ya mwenzie jicho linamfuata mwenzie. Na 140 sio makosa, angalia vizuri, mmoja anachapa ng'ombe kwa alama iliyonyooka, mwingine kompyuta yake inaipinda, na mmoja anashuka mstari kama karatasi, mwingine anaunganisha. Mafaili yao usiyaguse, tengeneza nakala za kulinganishia, neno moja kila mstari:

```
for f in a12 b12; do
  sed "s/’/'/g" $f.txt | tr -s '[:space:]' '\n' > $f.w
done
diff a12.w b12.w
```

Herufi kubwa na nukta ziache, hizo ni tofauti za kweli.

Mtunza Daftari: Zimebaki 4!! Mungu akubariki kaka.

Mama Salome: Mi nilichapa rejista ya ubatizo peke yangu, nilikuja kushtuka mtoto amezaliwa kabla ya mama yake. Bora nyie mko wawili.

Fundi Mistari: Wino umefifia, alafu 4 tu? Chache mno. Wanaanza na ukurasa mtupu?

Mtunza Daftari: Kila mtu ana kompyuta yake na hawakai chumba kimoja.

Fundi Mistari: Sijauliza chumba. Wanaanza na nini?

Mtunza Daftari: Kuna programu ilisoma picha kwanza, wote nawapa faili hilohilo warekebishe. Inaokoa nusu ya muda, na kurasa 90 nishalipia siwezi kurudia.

Fundi Mistari: Ndo hapo. Kosa la programu wakiliruka wote wawili, kompyuta inaona wamekubaliana, inanyamaza.

Kibo Mawingu: Huu uzi wa kutunga. Nani Moshi analipa watu wawili ukurasa mmoja?

Mtunza Daftari: Sijatunga. Nimetoka kuangalia picha ya ukurasa wa 12 sasa hivi, mstari wa nne kutoka chini ni magunia 18, ile 8 imeliwa upande wa kushoto. Faili la programu lina 13. A ana 13, B ana 13.

Mama Salome: Jamani, magunia matano ya mtu.

Fundi Mistari: Usirudie zote 90. Okota 10 bila kuchagua, zichapwe upya kutoka ukurasa mtupu, linganisha na zilizopo. Tarakimu zikianza kutofautiana, kurasa zenye majedwali rudia zote.

Mtunza Daftari: Na zile 322 zilizobaki, mmoja aanze na mtupu mwingine aendelee na faili la programu, haitoshi?

Fundi Mistari: Ni afadhali, ila huyo wa faili ataruka makosa yaleyale, kazi yote ya kuyakamata itamwangukia mwenzie. Kwa maneno ningekubali. Kwa magunia na shilingi sikubali.

Kibo Mawingu: Bado nasema mmoja anatosha.