Tupeane uzoefu: mliorudi Arabuni na dawa za hospitali, uwanjani mlipitaje?

Binti Micheweni
Waungwana, nipo likizo, mwezi ujao narudi kazini Jidda. Natumia fenobabito ya kifafa tangu nipo skuli. Safari hii mfamasia wa hospitali yetu kakataa kunipa dawa mpaka nisome barua yake. Jina lake nimelitoa, maneno ni yake:

*Dada yangu,*

*Dawa sikukunyima, nimekunyima bahasha. Hapa dirishani tunahesabu vidonge kutoka kopo la 1000, tunavitia kwenye kibahasha na kuandika "3 usiku". Kwa anayelala nyumbani hiyo inatosha. Kwa mtu wa forodha hivyo ni vidonge vyeupe visivyo na jina, na dawa yako imo kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, pamoja na diazepamu. Kwetu ni dawa ya kifafa ya bei nafuu, kule ni dawa inayodhibitiwa.*

*Unakunywa vidonge 3 vya miligramu 30 kila usiku. Saudia humruhusu msafiri kiasi cha siku 30, au cha siku atakazokaa kama ni chache zaidi. Basi chako ni vidonge 90. Nimeagiza pakiti za kiwandani, na nitabandika lebo yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Kadi yako ya kliniki ina majina mawili, pasipoti ina matatu. Ripoti ya daktari nimeomba iandikwe upya kwa sababu hiyo.*

*Ripoti peke yake haitoshi. Tangu Novemba 2025 Saudia inataka upate kibali kabla ya kusafiri, unaombea mtandaoni, cds.sfda.gov.sa. Utapakia pasipoti, ripoti isiyozidi miezi sita na picha ya dawa. Ripoti itaje ugonjwa, jina la dawa yenyewe mbali na lile la kampuni, miligramu, unavyokunywa na jumla ya vidonge. Iwe na muhuri, na namba ya simu ambayo mtu ataipokea.*

*Dawa ikae begi la mkononi. Ukinyang'anywa au begi likipotea, naogopa zaidi usiku wa pili na wa tatu kuliko faini, kwani fenobabito ikikatwa ghafla kifafa hurudi kwa nguvu, pengine mfululizo bila kukoma. Ukifika, tafuta daktari wiki ya kwanza, usingoje kidonge cha mwisho. Na mtu akikwambia ubadilishiwe dawa isiyo na masharti, ni wazo zuri, lakini daktari hulifanya kwa wiki nyingi akipunguza hii kidogo kidogo. Wiki ya safari si wakati wake.*

Haya, wenzangu mlipitaje?

Mzee wa Kariakoo
Huyo mfamasia anakutisha. Ukiwa na cheti cha daktari chenye muhuri, hakuna wa kukugusa. Mimi nimepita Dubai na dawa za presha mfuko mzima, hakuna aliyeuliza.

Nesi wa Zamu
Mzee wangu, za presha haziko kwenye orodha hiyo, ndiyo maana hukuulizwa. Fenobabito, diazepamu, kodeini na tramado ni habari nyingine. Na kila nchi ina orodha yake: tramado haimo kwenye mikataba ya Umoja wa Mataifa, lakini Misri wanaifunga. Mwaka 2017 mwanamke Mwingereza alihukumiwa miaka 3 huko kwa vidonge 290 vya tramado, akisema alimpelekea mwenziwe mwenye maumivu ya mgongo.

Mzee wa Kariakoo
Miaka mitatu kwa dawa ya mgongo! Dunia imekwisha.

Dereva wa Horohoro
Wekeni begi kubwa chini ya madira, hawapekui. Mimi boda napita kila wiki.

Nesi wa Zamu
Kaka, boda ya lori si mashine ya uwanja wa ndege. Na aliyeficha haaminiwi tena hata akitoa karatasi.

Mama Wawili Maskati
Mmenikumbusha usiku ambao sitaki kuukumbuka. Dada yangu alitegua mgongo, akanunua vidonge duka la dawa mtaani, muuzaji akavihamishia kwenye chupa ya vitamini "visivunjike". Tunashuka uwanja mmoja wa Ghuba, siutaji, mashine ikalia. Wakamwaga vidonge mezani juu ya karatasi nyeupe, wakatenga vya rangi mbili, kumbe muuzaji alichanganya. Chupa inasema vitamini, dada anasema ya mgongo. Mimi ndiye najua Kiarabu kidogo, nikaambiwa nikae mbali nisimfundishe la kusema. Saa zikapita, kaletewa maji tu. Kilichomtoa ni karatasi ya hospitali iliyokuwa imekunjwa ndani ya pasipoti, ya matibabu ya mgongo, yenye namba ya simu. Wakapiga usiku ule ule. Ikapokelewa! Mtu wa zamu akasoma faili, akathibitisha jina na tatizo. Dawa zilitupwa zote, dada akaandikishwa karatasi asiyoielewa, tukaachiwa alfajiri. Mpaka leo akisikia mashine ya benki inalia anashtuka.

Kijana wa Ngamiani
Uwanja gani huo? Na hizo za rangi ya pili zilikuwa nini?

Mama Wawili Maskati
Uwanja sisemi. Za rangi ya pili mpaka kesho hatujui.

Kijana wa Ngamiani
Hapo kuna jambo unaficha shangazi.

Mama Wawili Maskati
Kama ningeficha ningeandika yote haya? Heshima kidogo, mwanangu.

Binti Micheweni
Jamani tusigombane. Mimi swali langu jingine, kafili nimwambie? Ripoti inataja kifafa waziwazi.

Shoga wa Doha
Usithubutu. Mwenzangu alisema, akatafutiwa tiketi ya kurudi.

Nesi wa Zamu
Na akianguka jikoni mbele ya jiko la gesi bila mtu kujua la kufanya? Mimi ningemwambia angalau bibi wa nyumba.

Shoga wa Doha
Wewe unalipwa na serikali, ndiyo maana unasema hivyo.

Nesi wa Zamu
Hilo sikupingi. Lakini ugonjwa usitolewe kwenye ripoti. Anayesoma maombi ataona dawa ya kifafa kwa mtu asiye na kifafa, na atakataa.

Babu Sukari
Mimi natumia insulini, nami natakiwa kibali?

Nesi wa Zamu
Yako ni mambo tofauti babu. Beba barua ya daktari kwa sababu ya sindano, na insulini ipande nawe juu, chini kwenye mizigo inaweza kuganda ikaharibika. Usiigusishe na barafu moja kwa moja.

Mpita Njia wa Moroni
Tunaunganisha ndege nchi ya tatu. Huko napo kibali?

Nesi wa Zamu
Ukitoka nje ya uwanja, au ukichukua begi na kulipeleka upya, sheria zao zinakuhusu. Tovuti ya incb.org ina ukurasa wa wasafiri unaoweka masharti ya nchi moja moja, lakini si kila nchi imepeleka taarifa zake, kwa hiyo waulize ubalozi pia.

Binti Micheweni
Nimeomba kibali leo. Ombi limerudishwa, picha ya pakiti haionyeshi miligramu. Kesho napiga nyingine upande wa lebo.

Dereva wa Horohoro
Na dawa ya kikohozi nayo? Mke wangu anasafiri Ijumaa.

Nesi wa Zamu
Soma nyuma ya chupa. Ukiona kodeini, iache nyumbani anunue huko huko.

Dereva wa Horohoro
Chupa imeandikwa Kichina.