Naomba ushauri: rangi gani itaondoa giza vyumba vinavyozunguka ua wa kati?

Mwenye Ua: Wakuu, nimekwama. Nyumba yangu ina chini na juu, na katikati kuna ua wazi wa mita 3 kwa 4. Kuta zinazouzunguka zina urefu wa mita 6. Chini kuna kibaraza cha kivuli upana wa mita 2 pande zote, ndipo milango ya vyumba. Saa sita mchana nawasha taa! Nimeweka picha mbili. Nipake rangi gani ndani?

Shamba Dogo: Achana na rangi, ongeza mimea. Majani hupoza hewa, na ua bila kijani ni kama kisima kikavu. Weka migomba miwili na mitambaazi ukutani.

Mama Pacha: Sisi tulipanda hivyo. Kigae kikaota ukungu, mama mkwe akateleza akavunjika mkono. Tangu siku ile naweka changarawe tu na mti mmoja. Ua ni wa watu kukaa, jamani, msiugeuze msitu.

Pima Kwanza: Shamba Dogo, kupoza ni kweli, ila majani mapana ya mgomba yatakula mwanga ule mdogo uliopo. Afadhali mti wa shina moja, majani yake yawe juu. Mwenye Ua, kabla ya rangi: kaa kwenye kiti katikati ya chumba, tazama nje kupitia dirishani. Unaona anga?

Mwenye Ua: Hapana. Naona ukuta wa mbele tu. Anga naliona nikisogea hadi karibu kabisa na dirisha.

Pima Kwanza: Basi mwanga unaokufikia umegonga ukuta kwanza, ukapita chini ya kibaraza. Rangi ya chumbani itasaidia kidogo. Anza na kuta za ua wenyewe, hasa sehemu ya juu, nyeupe isiyong'aa, kisha dari ya kibaraza, na sakafu ya ua iwe ya rangi hafifu. Hapo ndipo mwanga unapookotwa na kurushwa ndani.

Jicho Kavu: Samahani, mimi hii habari siiamini. Picha ya pili jua limeingia kwa mshazari, limejaa sakafu nzima. Ua wa upana wa mita 3 na ukuta wa mita 6? Jua likiwa nyuzi 45 upande huo, linaushuka ukuta wa mbele mita 3 tu na kuishia hapo. Ili liguse hata ukingo wa sakafu lazima lipande zaidi ya nyuzi 63. Tena juu kuna mistari ya fremu. Hii nyumba ipo kweli?

Mama Pacha: Na mimi nimemwaga habari za mama mkwe bure?

Mwenye Ua: Nyumba ipo, ninaishi humo. Picha ya kwanza ni yangu. Ya pili ni mchoro wa fundi, unaonyesha itakavyokuwa tukishafunika juu kwa bati za plastiki zinazopitisha mwanga. Nusu ya pesa nimeshalipa. Msinigombeze: mvua imeingia sebuleni mara mbili, watoto wakalala juu ya meza. Nisingeweza kungoja ya tatu.

Pima Kwanza: Hilo ndilo ungeanza nalo. Mapaa ya vyumba yanaelekea wapi?

Mwenye Ua: Yote ndani, kwenye ua. Kama mita za mraba 60.

Pima Kwanza: Ongeza 12 za ua, zinakuwa 72. Mvua ya milimita 50 kwa saa inakuletea lita 3,600, yaani lita moja kila sekunde. Uwazi wa juu unachangia 600 tu, zinazobaki zinatoka mapaani. Na bati ulizolipia zitamwaga maji yake juu ya mapaa hayo hayo, yarudi chini. Tundu la kutolea maji ni mangapi?

Mwenye Ua: Moja. Nimelifungua sasa hivi, limejaa majani hadi juu.

Shamba Dogo: Si ya migomba hayo, nimesema tu.

Jicho Kavu: Nimekuamini. Ila yule fundi amekuchorea jua ambalo halipo.

Mwenye Ua: Bati zinaletwa kesho asubuhi. Nikizipandisha sentimita 60 juu ya ukingo, pembeni wazi, bado mtanikataza?

Pima Kwanza: Joto litapata pa kutokea, hilo nakubali. Mwanga utapungua, na vumbi likikaa utapungua zaidi. Mimi ningeweka kwanza mifereji kwenye kingo za mapaa, maji yatolewe nje ya nyumba, na tundu la pili uani. Nione mvua moja, ndipo niamue.

Mwenye Ua: Mke wangu anasema hiyo mvua moja tukaingojee kwa dada yake.