Tupeane uzoefu: maharage na wali kwenye mwinuko mkubwa, mnafanyaje viive?

Chungu_Kikuu
Uzi huu ni wa wanaopikia mahali palipo juu, tuseme mita 2,000 kutoka usawa wa bahari kwenda mbele. Maharage yanayoiva kwa saa moja na robo kule chini, huku juu yanakula saa mbili na nusu na ukiyabana bado katikati yana unga. Wali nao unashika chini ya sufuria huku punje ina kiini. Leteni mnachofanya, ila kwa vipimo. "Weka maji ya kutosha" haimsaidii mtu.

Kuni_Kavu
Mwinuko unasingiziwa bure. Shida ni baridi ya milimani, sufuria inapoteza joto. Chochea moto, funika, utaona vinaiva kama kawaida.

Bi_Kipimo
Kuni_Kavu, nusu yake ni kweli. Baridi na upepo vinachelewesha maji kufika kwenye chemko. Lakini yakishachemka, moto hauna cha kuyaongezea. Hewa ya juu ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo yanageuka mvuke mapema. Kwa makadirio, kila mita 300 unazopanda, chemko inashuka nyuzi 1. Kwenye mita 2,400 maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi. Chochea unavyotaka, yatabaki 92, utakachopata ni mvuke mwingi na sufuria kukauka. Mwenye kipimajoto akitumbukize kwenye maji yanayotokota, bila kugusa kitako, atajua chemko ya kwake kwa dakika moja.

Maharage yanaumia kuliko wali kwa sababu kinachotakiwa kulegea ni ile gundi inayoshikanisha chembe za ndani ya punje, yaani pektini. Inalegea polepole mno joto likipungua. Kukosa nyuzi 8 tu kunaweza kukaribia kufanya muda uwe maradufu. Wanga wa mchele kwa kawaida hulainika kati ya nyuzi 65 na 78, na hizo unazo hata huko juu. Matatizo ya wali ni ya maji zaidi kuliko ya joto.

Mpishi_wa_Kambi
Darwin alipovuka Andes mwaka 1835 yalimkuta haya haya, ila kwa viazi. Sufuria ililala motoni usiku kucha, asubuhi wakachemsha tena, viazi bado vigumu. Wenzake wakaamua kwamba sufuria yenyewe, kwa kuwa ilikuwa mpya, haitaki kupika viazi. Kwa hiyo Kuni_Kavu usijisikie vibaya.

Kuni_Kavu
Haya. Basi tutie chumvi, si inapandisha chemko?

Bi_Kipimo
Inapandisha, ila kwa kiasi cha kuchekesha. Ili upate nyuzi 1 unahitaji karibu gramu 58 kwa lita moja, chakula ambacho hakuna atakayekimeza. Kijiko kimoja cha chai kwenye lita 2 hakifikishi hata sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Chumvi ina kazi, lakini ni kwenye kulowesha.

Mfano wa nusu kilo ya maharage makavu kwenye mita 2,400. Koroga gramu 30 za chumvi, kama vijiko 5 vya chai, kwenye lita 2 za maji. Loweka saa 12. Chumvi hiyo inasukuma nje kalisi inayokaza ganda na pektini. Mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya yapite maharage kwa vidole vinne. Yakianza kutokota, acha yatokote kwa nguvu nusu saa nzima. Kisha punguza moto, ila uso wa maji uendelee kuchezacheza. Ukiona umetulia kabisa, umeshuka chini hata ya zile 92 na saa zinaongezeka bila wewe kujua. Maji yakipungua, ongeza yanayochemka, siyo ya bombani.

Kadiria saa mbili kwa maharage ya msimu huu. Yaliyokaa ghalani mwaka mzima hayana ahadi. Kujua kama yameiva usionje moja. Chukua matano tofauti, uyabane kati ya ulimi na paa la kinywa. Moja likigoma, sufuria nzima bado. Ukilipasua kwa ukucha utaona duara jeupe kama chaki katikati, hapo maji na joto havijafika.

Nyanya_Mapema
Mimi natia nyanya mwanzoni ili ladha iingie. Ina shida?

Mpishi_wa_Kambi
Hiyo ndiyo inayokuchelewesha. Uchachu unaikaza pektini. Nyanya, ndimu, siki, vyote viingie maharage yakishabanika. Juu mlimani, ambako tayari una upungufu wa joto, kosa hilo linaweza kukugharimu saa nzima.

Wengine hutia magadi soda, robo kijiko cha chai kwa nusu kilo. Inafanya kazi kweli, hasa maji yenu yakiwa magumu, yaani yenye kalisi nyingi.

Bi_Kipimo
Magadi siyapendi. Yanaua vitamini B1, na ukizidisha kidogo yanaleta ladha ya sabuni na maganda yanamenyeka. Wenye maji magumu nawaelewa, wengine wavumilie.

Na ile nusu saa ya mwanzo msiiruke, hasa kwa maharage mekundu makubwa. Yana sumu inayotapisha, inayokufa kwa kuchemka kweli. Kuyaivisha polepole kwenye joto dogo hakuiondoi.

Presha_Kuka
Mbona mnateseka? Presha kuka inapandisha hadi nyuzi 121 popote ulipo, mwinuko hauihusu.

Mpishi_wa_Kambi
Hapo umeteleza kidogo. Kile kizito cha juu kinazuia presha inayozidi hewa ya nje, na hewa ya nje yenyewe ni pungufu. Ya kufikia 121 usawa wa bahari, kwenye mita 2,400 inaishia 116 hivi. Ni nzuri sana bado. Kanuni inayotumika ni kuongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 zinazozidi 600. Hapo ni mita 1,800, yaani mara sita, asilimia 30. Ya dakika 20 yanakuwa 26. Usijaze zaidi ya nusu, povu la maharage huziba tundu la mvuke.

Wali_Mgumu
Samahani, mimi nina jiko la umeme la wali. Linabofya "tayari" na wali una kiini. Limeharibika?

Bi_Kipimo
Siyo lazima. Linajizima kitako kikipanda joto baada ya maji kuisha, halijui kama punje imeiva. Mchele hunywa maji karibu sawa na ujazo wake, yanayobaki hupotea kama mvuke. Huko juu punje inachukua muda zaidi kunywa, na muda huo mvuke unaendelea kutoka. Kikombe kimoja cha mchele kinachotaka vikombe 2 vya maji, kipe 2 na robo. Kikishabofya, usifunue kwa dakika 15.

Kwenye sufuria ni hivyo hivyo: mfuniko mzito, moto mdogo mapema kuliko unavyodhani, na ongeza dakika 5 hadi 8. Ukikuta kiini, nyunyiza maji ya moto vijiko vitatu vya chakula, funika tena. Usikoroge, utapata uji.

Chungu_Kikuu
Na kuloweka mchele nusu saa kabla?

Mpishi_wa_Kambi
Kunasaidia kuondoa kiini, ila punguza maji, turudi kwenye 2 kamili.

Bi_Kipimo
Mimi siloweki, punje hukatika. Wa punje ndefu ajaribu kikombe kimoja kwanza.